Tangazo Litakalosomwa na Simu: Nambari, Vifupisho na Alama

Katika Takaungu, kama kwingi pwani, tangazo la kliniki au la baraza mara nyingi huwafikia watu kwa simu kabla halijabandikwa ukutani. Mkazi ambaye macho yake yamepungua nguvu, au ambaye hakupata kusoma, huiachia simu imsomee kwa sauti. Programu ya kusoma hutamka alama zilizoandikwa, na pale mwandishi alipofupisha, hukisia tu. Ikikisia vibaya, msikilizaji hana maandishi ya kutazama ili ajisahihishe.

Tuchukue tangazo hili, lililotungwa kwa ajili ya somo:

"Kliniki ya macho Takaungu, Jmt. 3/7, 8:30-12:00. Wazee 12 wa kwanza bure, wengine 200/=. Leteni vyeti 2. Ploti Na. 14, km 1 kutoka barabara kuu."

Kwa anayeliona, tangazo ni fupi na linaeleweka. Lakini sikiliza saa. Sauti ya Kiswahili ikikuta 8:30 itataja nane na thelathini, na mpwani akisikia nane kwenye habari ya saa, ataelewa saa nane mchana. Mzee atafika saa nane na nusu, na kliniki ilifungwa saa sita. Kuongeza neno "asubuhi" mbele ya 8:30 hakutoshi, kwa kuwa saa nane asubuhi haipo katika hesabu yetu ya saa, na msikilizaji atabaki akijiuliza. Saa igeuzwe kwanza, ndipo iandikwe kwa maneno: saa mbili na nusu asubuhi. Kile kistari kati ya saa mbili pia kiondolewe. Sauti nyingine hukiruka kimya, nyingine hukitaja kama alama ya kutoa. Andika "kuanzia" na "hadi".

"Jmt." ni tatizo hata kabla ya sauti kuingia: ni Jumatatu au Jumatano? Nayo 3/7 yaweza kusikika kama sehemu ya hesabu, tatu juu ya saba. Siku iandikwe nzima, na tarehe iwe "tarehe tatu mwezi wa saba".

Jambo linalosahaulika zaidi ni upatanisho. Mwandishi anapoandika "vyeti 2", jicho la msomaji hutia "viwili" lenyewe bila kufikiri. Programu nyingi hazifanyi hivyo. Hutamka "vyeti mbili", na "wazee kumi na mbili". Maana haipotei, lakini sikio hukwaruzwa, na msikilizaji hushughulika na kosa huku sentensi inayofuata ikipita. Tiba yake si kuandika kila nambari kwa maneno. Nambari zinazobadilika kufuata ngeli ni moja, mbili, tatu, nne, tano na nane. Sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki: wazee sita, vyeti sita, miti sita. Kwa hiyo "vyeti 7" inaweza kubaki ilivyo, lakini "vyeti 8" iandikwe "vyeti vinane". Kwa nambari kubwa, tazama tarakimu ya mwisho. Vijiji 26 haina shida. Vijiji 25 ni vijiji ishirini na vitano. Ngeli ya nyumba, siku na shilingi ndiyo rahisi, kwa sababu siku mbili na shilingi tano hutamkwa kama mtu anavyohesabu.

Mpangilio wa nafasi una desturi yake. "Wiki ya 2" husikika "wiki ya mbili", na "mtoto wa 1" husikika "mtoto wa moja". Andika ya pili, wa kwanza. Kuanzia tatu kwenda juu hakuna tofauti, hivyo "karne ya 19" inasomeka vizuri. Miaka nayo iachwe: sentensi kwamba Wamazrui walihamia Takaungu baada ya kuondolewa Mombasa mwaka wa 1837 haihitaji kubadilishwa, mradi neno "mwaka" litangulie.

Kwenye pesa, alama ya /= huenda ikatamkwa kama mkwaju na sawasawa, au ikarukwa, na mia mbili ikabaki bila kujulikana ni mia mbili za nini. Kiswahili hutanguliza kitu kisha idadi, basi iwe "shilingi mia mbili". Ndivyo ilivyo kwa asilimia pia: alama ya % hukaa nyuma ya nambari, na programu isiyojua desturi yetu itasema "sabini asilimia". Andika "asilimia 70".

Mafungu ya elfu yanahitaji uangalifu wa peke yake. Mkato wa 25,000 waweza kuwafanya wengine wasikie ishirini na tano, kisha sufuri tatu. Na hata ikisomwa sawa, "elfu ishirini na tano" ina maana mbili: 25,000 au 20,005. Karatasini hakuna utata huo. Kwa sikio, ni salama kuandika "shilingi ishirini na tano elfu", kama watu wasemavyo sokoni, na "laki mbili" badala ya 200,000.

Vifupisho vinavyodanganya ni vile vinavyofanana na maneno au vyenyewe kwa vyenyewe. "Na." ya nambari husomwa kama "na" ya kuunganisha, na nukta yake husimamisha sauti, hivyo mtu husikia "ploti na", kisha kimya, kisha "kumi na nne". Km ni kilomita na k.m. ni kwa mfano. Nukta peke yake ndiyo inayovitenga, na nukta haisikiki. S.L.P. iwe Sanduku la Posta, n.k. iwe na kadhalika.

Tangazo lililogeuzwa litakuwa hivi:

"Kliniki ya macho itafanyika Takaungu siku ya Jumatano, tarehe tatu mwezi wa saba, kuanzia saa mbili na nusu asubuhi hadi saa sita mchana. Wazee kumi na wawili wa kwanza hawatalipa. Wengine watalipa shilingi mia mbili. Leteni vyeti viwili. Mahali ni ploti nambari kumi na nne, kilomita moja kutoka barabara kuu."

Limerefuka, na kwa bango la ukutani lile fupi lenye tarakimu bado ni bora kwa jicho, baada ya kurekebisha siku na saa. Tengeneza nakala mbili.

Nambari za simu ni mahali ambapo maneno hayafai. Nambari ya kusaidia watoto, 116, ikisomwa "mia moja kumi na sita", msikilizaji itambidi aigeuze kichwani kabla ya kubonyeza. Andika "moja, moja, sita", kisha weka 116 kwenye mstari wake mwenyewe, ili anayetaka kuibonyeza au kuinakili aikute nzima.

Mwenye kompyuta anaweza kujaribu sentensi kwa eSpeak NG, programu ya bure yenye sauti ya Kiswahili:

```
espeak-ng -v sw "Leteni vyeti 2 saa 8:30"
```

Kwenye simu za Android, TalkBack hufanya kazi hiyo. Hakikisha sauti iliyochaguliwa ni ya Kiswahili, kwani ya Kiingereza itavuruga hata maneno yaliyoandikwa vyema. Aliyeandika asiwe ndiye msikilizaji, maana yeye tayari anajua alichokusudia. Mpe mtu mwingine simu, kioo kikiwa kimefunikwa, asikilize mara moja, kisha aandike siku, saa na pesa. Akiandika saa nane, tangazo bado halijawa tayari kutumwa.