Kikohozi Kimekwisha, Lakini Vidonge Vyaendelea

Mfano huu ni wa fundi seremala wa Gikomba, Nairobi, na mambo yaliyompata ni yale yaonekanayo mara nyingi katika zahanati za kifua kikuu. Alikohoa kwa muda wa majuma matano, akakonda, akatokwa na jasho usiku hata shuka likalowa. Makohozi yake yalipopimwa yalionekana kuwa na vijidudu vya kifua kikuu, tena vya namna inayouawa na dawa za kawaida. Kwa kuwa uzito wake ulikuwa kilo 48, alipewa vidonge 3 vya kumeza kwa pamoja kila asubuhi kabla ya kula, naye akaambiwa kwamba matibabu yatachukua miezi 6.

"Mama," akamwuliza muuguzi, "kikohozi kikinitoka baada ya mwezi mmoja, hiyo miezi mingine 5 nitakuwa ninatibu nini?"

Swali hilo ni la haki. Mgonjwa akijibiwa tu kwamba hiyo ndiyo amri ya daktari, bado hajajibiwa.

Muuguzi alimwuliza kwanza kama amepata kulima shamba lenye ndago. Fundi akacheka, maana shamba la mama yake kule Machakos lilikuwa limejaa ndago. Alijua kwamba ukizikata kwa jembe leo, shamba huonekana safi kabisa, kisha mvua ikinyesha zinachipuka tena, kwa sababu viazi vyake vidogo vimebaki chini ya udongo. "Basi, bwana fundi," akasema muuguzi, "kikohozi chako ni yale majani."

Vijidudu vilivyomo katika pafu la mgonjwa havifanani katika mwenendo wao. Vilivyo vingi huwa macho, hula na kuzaana, na hivyo ndivyo vinavyoleta kikohozi, homa na kukonda. Vichache hulala. Hujificha katika chembe za mwili zilizovimeza, na katika nyama iliyokufa, laini kama jibini, mahali pasipo na hewa nyingi. Kijidudu kilicholala hakikohozi mtu wala hakimpi homa, lakini chaweza kukaa hivyo kwa miezi, hata miaka, kisha kikaamka.

Katika kila kidonge cha miezi miwili ya kwanza zimo dawa nne pamoja. Mojawapo ni isoniazidi, ambayo huzuia kijidudu kujenga ukuta wa mwili wake. Kwa dawa hii vijidudu vinavyozaana hufa kwa wingi katika siku chache za kwanza, na ndiyo maana mgonjwa hupata nafuu upesi. Lakini kijidudu kilicholala hakijengi ukuta wowote. Kumnyima seremala misumari humsumbua yule aliye kazini. Aliyelala hana habari. Dawa ya pili, rifampisini, ina uwezo wa kukiua hata kile kinachoamka kwa muda mfupi tu na kulala tena. Pirazinamaidi hufanya kazi mahali penye uvimbe na uchachu, hasa katika majuma ya mwanzo. Ya nne, ethambutoli, ni mlinzi wa zile tatu.

Sasa jambo lenyewe lafahamika. Hakuna ajuaye ni siku gani kijidudu fulani kitaamka. Kimoja chaweza kuamka katika juma la saba, kingine katika mwezi wa tano, na kila kinapoamka hakina budi kuikuta dawa katika damu. Miezi ile yote ni ya kuvingojea vile vilivyolala.

Urefu wa muda huo haukukisiwa tu. Kabla ya miaka ya 1970 wagonjwa walitibiwa kwa mwaka mmoja na nusu. Ndipo madaktari wa Afrika Mashariki, wakishirikiana na Baraza la Utafiti wa Utabibu la Uingereza, walipojaribu matibabu ya miezi 6 na kuwafuata wagonjwa baadaye. Waliopewa sindano za streptomaisini pamoja na isoniazidi peke yake, karibu 29 katika kila 100 waliugua tena. Ilipoongezwa rifampisini, waliougua tena walikuwa karibu 3 tu katika kila 100. Siku hizi ziko dawa mpya ambazo kwa wagonjwa fulani hupunguza muda hadi miezi 4, lakini ni mchanganyiko mwingine kabisa. Hazina maana kwamba vidonge vya miezi 6 vyaweza kukatizwa katika mwezi wa nne.

Fundi alipofika juma la sita kikohozi kilikuwa kimekwisha, na uzito wake umefika kilo 52. Mwisho wa mwezi wa pili makohozi yake yalipimwa kwa darubini, na hakuna kijidudu kilichoonekana. Tena siku hiyohiyo vidonge vyake vilibadilishwa: badala ya dawa nne akapewa vyenye mbili tu, isoniazidi na rifampisini. Mambo hayo matatu yakikutana, wagonjwa wengi hudhani wamepona, na hapa ndipo wengi wanapoacha dawa.

Lakini darubini ina mpaka wake. Ili mpimaji aone kijidudu kimoja, yapasa viwemo maelfu katika kila mililita ya makohozi. "Hakuna kilichoonekana" si sawa na "hakuna kilichobaki". Na dawa mbili ziliondolewa kwa sababu kazi yao ilikuwa ya mwanzo, wakati vijidudu vilipokuwa vingi mno. Zile mbili zilizobaki ndizo za kuwinda masalio kwa miezi 4.

Akiacha wakati huo, kwa kawaida ugonjwa hurudi baada ya miezi michache, naye huwaambukiza tena watu wa nyumbani mwake. Mara nyingi vijidudu vilivyorudi bado vyaweza kuuawa na dawa zilezile, ingawa yambidi apimwe upya. Hatari kubwa zaidi ni kumeza kwa vipindi, leo vidonge, kesho hapana. Katika vijidudu milioni moja, karibu kimoja huzaliwa kikiwa hakiuawi na isoniazidi. Dawa zikiwa pamoja kila siku, rifampisini hukiua hicho. Dawa zikija na kukatika, kikabaki mahali ambapo moja tu inafanya kazi, wenziwe dhaifu hufa nacho huzaana peke yake. Hivyo ndivyo kifua kikuu sugu kinavyotengenezwa, na matibabu yake ni marefu na mazito zaidi.

Fundi alikuwa na hofu nyingine: mkojo wake ulikuwa mwekundu kama chai ya rangi. Hiyo ni rangi ya rifampisini tu, nayo haidhuru. Lakini macho yakiwa ya manjano, au mtu akitapika mfululizo, au akiona ukungu machoni, asingoje siku ya miadi. Asimeze tena vidonge bali aende zahanati siku hiyohiyo, wakaamue wenye ujuzi. Ganzi ya miguu huletwa na isoniazidi, na dawa yake ni vitamini ya B6, wala si kuacha vidonge.

Katika mwezi wa nne aliitwa Machakos kwa msiba wa mjomba wake. Hakuondoka kimya. Alipitia zahanati, akapewa vidonge vya majuma mawili na barua ya kuonyesha katika hospitali ya huko, ikiwa angekawia. Siku moja ya mazishi alisahau kumeza asubuhi, akakumbuka jioni. Akameza vile 3 vya siku hiyo, na kesho yake akameza 3 kama kawaida, si 6. Makohozi yake yalipimwa tena mwisho wa mwezi wa tano, na mara ya mwisho katika mwezi wa sita, ndipo jina lake lilipoandikwa katika daftari kuwa amepona.