Mkwaruzo Uonekane: Tangazo na Picha za Gari Lililotumika

Kijitabu hiki ni cha mtu anayeuza gari lake mwenyewe, lile analoliendesha kila siku, si cha mwenye yadi. Tumechukua gari moja tu la mfano, Toyota IST ya umbo la kwanza, kwa kuwa ndilo gari ambalo mtu akisimama barabara yoyote ya Dar es Salaam haitapita dakika bila kuliona. Mwenye gari tumwite mama wa Tabata.

Tangazo lake la kwanza lilisomeka hivi:

"IST kali, namba D, haina shida hata moja, ni kuwasha na kuondoka. Kiyoyozi kinapuliza barafu. Bei 11M maelewano. Wahi!"

Liliambatana na picha nne. Mbili zilipigwa mahali pa kuoshea magari, bodi bado ina maji. Ya tatu ilikuwa ya usukani na kava lake jipya. Ya nne ilipigwa usiku. Wiki mbili simu zikaita kweli kweli, lakini sikiliza zilivyokuwa: "Bei ya mwisho ngapi?" kabla hata ya salamu kuisha. Madalali watano wakiomba wapewe gari "wamtafutie mteja". Mnunuzi wa kweli alikuwa mmoja, akaja na fundi wake kutoka Mbagala. Fundi yule hakufungua hata boneti. Alipitisha kiganja kwenye mlango wa nyuma kushoto, akatoa kisumaku kidogo mfukoni, akakibandika. Mlango wa mbele kilinata. Wa nyuma kilidondoka, kwa kuwa chini ya rangi palikuwa na tabaka nene la puti.

Mlango ule uligongwa na bodaboda mwaka 2021. Ukanyooshwa, ukapigwa rangi, yakaisha. Mama hakuliona kuwa ni jambo la kuandika. Mnunuzi akataja milioni 7 na nusu, na ukimuuliza kwa nini ashushe milioni 3 na nusu kwa mlango mmoja, jibu lake ni jepesi: sizipunguzi kwa mlango, nazipunguza kwa yale mengine ambayo hujaniambia.

Maneno ambayo hayasemi kitu

"Haina shida hata moja" ni maneno ambayo mnunuzi mzoefu hayasomi tena. IST ya umbo la kwanza ilianza kutoka kiwandani mwaka 2002, na umbo la pili likaingia 2007. Kwa hiyo hata ile changa kuliko zote ina umri wa kutosha kuwa na bushi zilizochoka au shokapu inayogonga. Anayesema haina shida hata moja ama hajui gari lake, ama anajua na ananyamaza. Na yule anayeandika "IST 2010" huku picha inaonyesha umbo la kwanza, basi amejimaliza mwenyewe.

"Namba D" nayo inasema gari lilisajiliwa hapa nchini lini, haisemi lilitengenezwa lini. Ziandike zote mbili, mwaka wa kutengenezwa na mwaka wa kusajiliwa, kama zilivyo kwenye kadi.

Kilomita zinahitaji uangalifu zaidi. Magari haya yalifika yakiwa yametumika Japani, na mita inaweza kuwa ilirudishwa nyuma njiani na mtu ambaye hutamjua kamwe. Wewe toa ushahidi wa kile ulichokishuhudia tu. "Mita inasoma 142,000. Nililinunua 2017 likisoma 91,000. Ya kabla ya hapo siwezi kuyasemea." Sentensi hiyo ya mwisho haifukuzi mteja. Inamwonyesha kuwa anazungumza na mtu anayepima maneno yake.

Lipo na suala la sheria. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Tangazo lako ni maelezo, na mnunuzi anaweza kulihifadhi kwenye simu yake.

Picha: mwanga kwanza

Maji ni adui. Bodi iliyolowa hung'aa na kuficha mikwaruzo, na wanunuzi wanalijua hilo, hivyo picha ya gari lenye maji huwafanya wadhani kuna kitu hata kama hakipo. Osha gari, lifute, liache likauke kabisa. Piga picha saa moja na nusu asubuhi au kuanzia saa kumi jioni, jua likiwa limelala. Jua la saa sita hutengeneza mng'ao mkali juu ya boneti na kivuli kizito milangoni, na katikati ya hivyo viwili rangi halisi hupotea. Siku ya mawingu ni nzuri kuliko zote.

Simama hatua tano au sita kutoka kwenye gari, chuchumaa hadi simu iwe usawa wa taa, na uilaze simu. Usitumie ile kamera ya kutanua picha, maana hurefusha bampa na kufanya gari lionekane kama limepinda. Usiongeze rangi kwa programu yoyote.

Pembe nne za gari zinatosha kwa nje. Kisha ongeza picha moja ambayo wauzaji wengi hawaijui: simama karibu na taa ya nyuma, uangalie urefu wote wa ubavu kuelekea mbele, jua likiwa upande wako. Hapo milango yote inapangana katika picha moja. Mlango uliopigwa rangi upya utatofautiana kidogo na jirani zake, na bonde lolote litajitokeza kwenye mstari wa mwanga. Ndiyo picha ambayo fundi wa mnunuzi angeitazama kwa jicho lake. Mpe kabla hajapanda gari.

Kasoro ipigwe mara mbili

Kila kasoro inahitaji picha mbili. Ya kwanza kutoka hatua mbili, ili mtu ajue iko sehemu gani ya gari. Ya pili karibu, ukiwa umeweka sarafu pembeni yake. Bila sarafu, mkwaruzo wa sentimita 3 ukipigwa karibu huonekana kama gari limekwanguliwa na lori. Watu wengi huacha kuonyesha kasoro kwa sababu hiyo hasa: waliipiga picha vibaya, wakaiogopa wenyewe.

Tairi nazo zipigwe karibu. Ubavuni kuna tarakimu nne mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT. Ukisoma 2219, tairi ilitengenezwa wiki ya 22 ya mwaka 2019. Tairi yenye kashata nzuri lakini imezeeka ni gharama inayomsubiri mnunuzi, naye atazisoma tarakimu hizo, hivyo afadhali azisome kwako.

Dashibodi na sauti ya injini

Hapa ndipo uongo mwingi hukaa. Picha moja ya dashibodi haithibitishi chochote. Piga mbili. Ya kwanza, ufunguo ukiwa kwenye ON na injini haijawashwa: taa za tahadhari zote zinapaswa kuwaka, pamoja na ile ya injini. Ya pili, injini ikinguruma: zinapaswa kuwa zimezima. Taa ya injini isiyowaka kabisa katika picha ya kwanza ni dalili kwamba huenda mtu ameing'oa au ameifunika ili isimsumbue wakati wa kuuza. Kama gari lako linabaki na taa hiyo baada ya kuwashwa, iache ionekane na uandike fundi alisema ni nini.

Kisha video moja, isiyokatwa, ya dakika moja hivi. Iwe asubuhi kabla gari halijawashwa. Anza kwa kuweka kiganja juu ya boneti, nenda kwenye usukani, washa, kisha zunguka hadi kwenye ekzosi bila kusimamisha kamera. Moshi wa bluu mara tu baada ya kuwasha una maana injini inakula oili. Mvuke mweupe unaopotea haraka ni wa kawaida asubuhi, lakini mweupe unaoendelea hata injini ikiwa imepata moto unatia shaka ya maji kuingia kwenye injini. Mnunuzi hukataa kuwashiwa gari lililokwisha kupashwa moto, na ana sababu.

Kadi isiende mtandaoni

Sema kwamba kadi iko na ni ya jina lako, lakini usiweke picha yake. Ina jina lako, namba ya chesisi na ya injini, vitu vinavyomtosha tapeli kujifanya yeye ndiye mwenye gari na kupokea "hela ya kushikilia" kwa watu wa mikoani. Mnunuzi ataisoma mkononi, akiilinganisha na namba iliyogongwa kwenye chesisi. Namba ya usajili ni jambo jingine. Mpe aliyepiga simu na kuuliza maswali ya maana, ili aangalie mwenyewe kama gari linadaiwa faini za barabarani.

Tangazo la pili

Mama wa Tabata alifuta tangazo la kwanza. Kabla ya kuandika jipya alimpelekea fundi gari, akauliza bei za matengenezo, akaandika hivi:

"Toyota IST, imetengenezwa 2004, imesajiliwa 2017, namba D. Injini 1,290 cc, gia otomatiki. Mita 142,000, nililinunua likisoma 91,000. Mmiliki ni mimi, kadi ni ya jina langu.

Mlango wa nyuma kushoto uligongwa na bodaboda 2021, ulinyooshwa, una puti na rangi mpya (picha ya 6 na 7). Shokapu za mbele zinagonga kwenye matuta. Fundi ametaja 280,000 kubadilisha zote mbili, sijabadilisha. Bampa la nyuma lina mkwaruzo (picha ya 8 na 9). Kiyoyozi kinafanya kazi, kilijazwa gesi mwaka jana. Tairi mbili za mbele ni za 2023, za nyuma ni za 2019.

Bei 10,200,000, shokapu zimeshahesabiwa humo. Liko Tabata, njoo na fundi wako, asubuhi kabla sijawasha."

Tazama alivyoifanya bei. Hakuandika "maelewano", neno linalomwambia mtu kwamba bei iliyotajwa si ya kweli. Alishusha kwanza yeye, akaeleza kwa nini, na kwa hiyo shokapu haikuweza kutumiwa tena kama silaha mbele ya gari.

Simu zilipungua sana, na hili mwuzaji alitegemee. Siku ya kwanza hakupata hata moja, akatamani kurudisha lile la zamani. Ndani ya siku kumi walipiga saba, na wanne kati yao waliuliza jambo ambalo halikuandikwa: rejeta imewahi kubadilishwa? Walikuja watatu. Fundi wa mmoja wao aliweka kisumaku mlangoni, kikadondoka, akamtazama bosi wake. Bosi akasema, "Ameandika, hiyo." Wakahamia kwenye oili ya gia.

Bosi huyo ndiye aliyelichukua, kwa milioni 10 kamili, baada ya fundi kuona bushi moja ambayo mama mwenyewe hakuijua. Jioni hiyo tangazo likafutwa pamoja na picha zote, kwa kuwa picha nzuri za gari lililokwisha kuuzwa huokotwa na matapeli na kutumika tena kwa bei ya kutupa.