Ujumbe sitini, jibu hakuna

*Shangazi, nimejiajiri kupiga picha hapa Mwanza. Wiki iliyopita nilituma ujumbe wa WhatsApp kwa gesti na hoteli sitini kwa siku mbili, nikijitambulisha na kutaja huduma zangu zote. Hakuna aliyejibu. Nikumbushie, au nitaonekana msumbufu?*
*Mpiga picha, Nyakato*

Mwanangu, ule ujumbe usiukumbushie. Nimeusoma ulivyonitumia: unaanza na "Samahani kwa usumbufu, naitwa…" kisha unataja harusi, kipaimara na bidhaa. Simu ikilia, mwenye gesti anaona mistari michache tu ya mwanzo, na yote inakuhusu wewe. Tena, ukiwatumia watu wengi wasiokufahamu ujumbe uleule, wakikuripoti, WhatsApp wanaweza kuifunga namba yako.

Chagua gesti tano kwa siku. Fungua picha zao kwenye Google Maps, utafute kasoro moja ambayo mwenyewe hawezi kuikana. Kisha andika hivi:

"Habari za asubuhi. Picha ya chumba chenu kwenye Google Maps imepigwa usiku, chandarua kimeficha kitanda, hivyo mgeni haoni usafi wa chumba. Napiga picha za vyumba hapa Nyakato. Vyumba vitano ni shilingi 80,000, kazi ya asubuhi moja. Niongee na wewe au na meneja?"

Bei ni mfano, weka yako, ila usiifiche. Swali la mwisho ndilo ninalolipenda zaidi. Namba iliyo kwenye kibao cha gesti mara nyingi iko mapokezi, na dada wa mapokezi hana mamlaka ya kukupa kazi. Ukimuuliza bei anayoitaka atanyamaza, lakini kukuelekeza kwa bosi hakumgharimu kitu. Mtumie saa nne asubuhi, wageni wakishaondoka na vyumba vikisafishwa.

Kabla ya kukumbushia, tazama tiki. Ikiwa moja tu hadi kesho yake, ujumbe haujafika: huenda simu imezimwa, haina bando, au umezuiwa. Hapo usiandike tena. Nyakato ni kwenu, pita mwenyewe ukaulize meneja anapatikana lini. Tiki mbili, hata zisipogeuka bluu, zinaonyesha umefika; wengine wamezima alama ya kusoma.

Subiri siku tatu, kisha ujibu juu ya ujumbe wako wa kwanza ili auone bila kutafuta. Usiandike "nakumbushia tu." Ongeza kitu kipya: picha mbili za chumba kimoja ulichowahi kupiga, kabla na baada, kwa ruhusa ya mwenyewe. Akinyamaza, mwandikie tena baada ya wiki moja, mara ya mwisho.

Akikujibu "tutakutafuta," usishangilie wala usikate tamaa. Muulize, "Nikukumbushe tarehe ngapi?" Akitaja tarehe, iandike, na siku hiyo mpigie simu. Asipotaja, muage vizuri, ufungue gesti inayofuata.