Daftari la Sura: Kuandika Tasnifu Ndefu kwa Mazungumzo Mengi

Mhazini wa jumuiya anapofungua ukurasa mpya wa daftari la michango, haanzi na sifuri. Mstari wa kwanza huandika salio la ukurasa uliotangulia, ndipo huendelea. Akiusahau mstari huo, anaweza kujumlisha ukurasa mpya bila kosa hata moja, na hesabu yake bado isiwe ya kweli.

Anayeandika tasnifu kwa msaada wa programu ya akili mnemba yumo katika hatari hiyohiyo. Tuchukulie kwamba msimamizi wake anaujua msaada huo na ameuruhusu. Pasipo ruhusa hiyo, somo hili halimhusu. Swali letu ni hili: salio la sura moja litahamishwaje hadi sura inayofuata?

Salio linapotea wapi?

Tasnifu huandikwa kwa miezi, nayo mazungumzo na programu huwa mengi. Kwa kawaida kila mazungumzo mapya huanza bila maandishi ya yale yaliyotangulia. Baadhi ya programu hutunza kumbukumbu fulani za mtumiaji, lakini zinazobaki ni vipande vipande, si mtiririko wa hoja. Kubaki katika mazungumzo mamoja marefu nako si dawa, kwa sababu programu ina kikomo cha maandishi inayoweza kuyazingatia kwa mara moja. Mazungumzo yakirefuka mno, yaliyosemwa mwanzoni huachwa nje au hufifia, na mara nyingi hakuna onyo linalotolewa.

Kwa hiyo wengi huandika muhtasari wa kila sura na kuubandika mwanzoni mwa mazungumzo mapya. Wazo ni zuri. Kinachoharibu kazi ni aina ya muhtasari.

Mfano wa sura ya tatu

Tutumie mfano wa kubuni. Frateri mmoja anaandika juu ya mahudhurio katika Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo za parokia moja ya vijijini yenye jumuiya 24. Amechagua jumuiya 6 na kuhoji watu 42. Katika sura ya tatu ameonyesha kwamba katika jumuiya 4 kati ya 6 mahudhurio ya wanaume hupungua msimu wa kilimo. Katika jumuiya 2 hayapungui, na hizo mbili hukutana Jumapili baada ya Misa, wakati nyingine hukutana katikati ya juma. Ameongeza kwamba jumuiya mbili hazitoshi kuthibitisha kuwa siku ya kukutana ndiyo sababu.

Sasa anaandika muhtasari wa haraka: “Sura ya 3: wanaume hawahudhurii jumuiya msimu wa kilimo.” Wiki tatu baadaye anaubandika katika mazungumzo mapya ili apate rasimu ya sura ya tano, ya mapendekezo. Rasimu inayotoka ina lugha safi, nayo inapendekeza semina za kuwahimiza wanaume wa parokia nzima.

Tazama kilichopotea. Jumuiya 6 zimekuwa parokia nzima. “Hupungua” imekuwa “hawahudhurii”. Zaidi ya hayo, zile jumuiya mbili zimetoweka, na pendekezo lenye manufaa kuliko yote lilikuwa ndani yake: kujaribu kubadili siku ya kukutana. Paroko atakayeisoma tasnifu hiyo ataandaa semina kwa wakulima ambao tatizo lao huenda ni siku tu.

Mambo matano ya kila ingizo

Kila sura inapokamilika, iandikie ingizo la maneno kama 150 hadi 200. Kwa tasnifu ya sura tano, daftari lote halitazidi maneno 1,000, kiasi kinachobandikwa kwa urahisi mwanzoni mwa mazungumzo yoyote. Ingizo la sura yetu lingekuwa hivi:

Sura ya 3, toleo la 2
*Dai:* Katika jumuiya 4 kati ya 6 zilizochunguzwa, mahudhurio ya wanaume hupungua msimu wa kilimo.
*Ushahidi:* Wahojiwa 42 (H1 hadi H42); madaftari ya mahudhurio ya jumuiya zote 6.
*Mipaka:* Jumuiya 2 za Jumapili hazikuonyesha upungufu. Siku ya kukutana inaweza kuwa sababu, haijathibitishwa. Usiseme “parokia nzima”.
*Istilahi:* “Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo”, kifupi “jumuiya”. Usitumie “vikundi vya sala”.
*Deni:* Sura ya 4 ieleze kwa nini jumuiya 2 ni tofauti. Sura ya 5 ijibu suala la siku ya kukutana.

Wengi huandika mawili ya kwanza na kuishia hapo. Lakini mipaka ndiyo inayozuia dai lisivimbe, na deni ndilo linaloziunganisha sura. Msomaji aliyeahidiwa jambo katika sura ya pili atalitafuta mpaka mwisho. Deni likilipwa, liwekee alama na andika limelipwa ukurasa gani. Angalia pia kwamba wahojiwa wanatajwa kwa namba tu: majina yao na mambo yao ya siri yasiingie kamwe katika daftari linalobandikwa kwenye programu.

Chanzo cha ingizo ni sura yenyewe

Kuna kishawishi cha kuiachia programu ifupishe yenyewe mwishoni mwa mazungumzo. Yapo matatizo mawili. Kwanza, kilichomo katika mazungumzo ni rasimu. Huenda ulirekebisha aya kadhaa baadaye kwenye faili, na marekebisho hayo hayamo humo. Pili, katika kufupisha, maneno madogo ndiyo hukatwa kwanza: “huenda”, “baadhi”, “katika jumuiya 4”. Ukifupisha tena muhtasari huo, hasara inaongezeka. Kwa hiyo fungua faili ya sura iliyokamilika, isome, uandike ingizo kwa mkono wako.

Tarehe nazo zihakikiwe kwenye chanzo kabla ya kuingia daftarini. Kwa mfano, maaskofu wa AMECEA walizungumzia jumuiya hizi Nairobi mwaka 1973, na tena hapohapo Nairobi mwaka 1976. Rasimu huweza kuichanganya mikutano hiyo miwili kwa urahisi, na kosa likishaingia daftarini litarudiwa katika kila sura.

Sura ya zamani ikibadilika

Msimamizi akirudisha sura ya pili na maana ya neno fulani ikabadilika, rekebisha sura, kisha ingizo, kisha andika “toleo la 3” na mstari mmoja wa kilichobadilika. Halafu pitia maingizo ya sura zilizofuata na utafute neno hilo. Daftari lenye maana ya zamani ni baya kuliko kukosa daftari, kwa sababu unaliamini.

Daftari pia halibebi kila kitu. Unapoandika aya inayonukuu sura iliyotangulia, bandika aya husika nzima, ingizo halitoshi.

Zoezi

Chukua sura moja uliyokwisha kuimaliza na uiandikie ingizo lenye mambo matano. Mpe mwenzako ambaye hajaisoma sura, akueleze kwa maneno yake sura inadai nini na haidai nini. Akishindwa swali la pili, rudi kwenye mstari wa mipaka.