Kimeza na Taa ya Kando ya Kitanda

Swali: Msomaji aliyenunua godoro la inchi 10 anauliza kwa nini taa yake ya zamani haimuliki tena kitabu.

Jibu: Godoro jipya limempandisha msomaji, ilhali kimeza kimebaki chini. Uso wa kimeza hufaa ulingane na uso wa godoro, au upishane nao kwa sentimita 5 hivi. Chaga zikiwa sentimita 35 kutoka sakafuni, godoro hilo la sentimita 25 hufikisha 60; kimeza cha 45 ni kifupi mno.

Taa hupimwa kwa jicho: msomaji huegemea kama asomavyo, kisha mtu mwingine hupima kutoka sakafuni hadi jichoni mwake. Ikipatikana sentimita 120, ukingo wa chini wa chengeu, yaani kifuniko kinachoizunguka balbu, ukae kwenye 115 hivi, kwa kuwa ukizidi jicho balbu humchoma macho, na ukishuka sana mwanga huishia kwenye kimeza. Juu ya kimeza cha 60, ukingo huo hudai sentimita 55; juu ya cha 45 hudai 70, urefu unaoifanya taa ipinduke kwa urahisi, hivyo ni afadhali kuinua kimeza.