HADITHI YA KULALIA: -LI- HUFUNGUA MLANGO, -KA- HUTEMBEA

Mwaka huu tumeamua kuacha methali kando kidogo, tuingie jikoni mwa hadithi. Mwanachama mmoja wa chama chetu alimwandikia mdogo wake hadithi ya kumsomea kabla ya kulala. Hadithi yenyewe ni tamu. Lakini alipoisoma kwa sauti, mtoto alianza kuuliza, "Nani? Lini? Sasa amelala ama hajalala?" Badala ya usingizi, pakawa na maswali. Ametupa ruhusa tuichapishe hapa, tuisahihishe pamoja. Isome kwanza kwa sauti:

"Hapo zamani za kale kulikuwa na kifaranga mmoja ambaye alikuwa anaitwa Kidoti na ambaye alikuwa anaishi na mama yake katika banda ambalo lilikuwa karibu na mgomba. Usiku mmoja wakati mama yake alikuwa amelala Kidoti alitoka nje na alitembea mpaka kwenye karai la maji na anaona mwezi umo ndani ya karai na alifikiri kwamba mwezi umezama na alilia kwa sauti kubwa. Mama yake aliamka na alitoka nje na alimwuliza ni kitu gani ambacho kilikuwa kinamfanya alie na Kidoti alimwambia kwamba mwezi ulikuwa umezama. Mama alimwambia aangalie juu na Kidoti aliangalia juu na anaona mwezi uko angani na alifurahi na walirudi ndani na walilala."

Umechoka? Hata sisi. Tuone ugonjwa uko wapi.

Wakati

Tazama sentensi ya pili: alitoka, alitembea, anaona, alifikiri, alilia. Kiingereza kikisimulia jambo lililopita, hukitia kila kitenzi wakati uliopita, na sisi tuliozoea kusoma kwa Kiingereza hufuata njia hiyo hiyo kwa kurudia -li-. Kiswahili kina kazi mbili tofauti hapa. Kiambishi -li- hufungua mlango: humwambia msikilizaji kwamba mambo haya yamekwisha kupita. Mlango ukishafunguka, -ka- huchukua safari, tukio moja baada ya jingine: Kidoti *alitoka*, *akatembea*, *akaona*, *akalia*. Ile "na" ya kuunganisha inakufa yenyewe, kwa sababu -ka- tayari ina maana ya "kisha". Ndiyo maana "na akatoka na akatembea" ni mzigo wa bure.

Jihadhari na mambo matatu. Kwanza, vitenzi vya silabi moja huacha ku- vikipata -ka-. Tunasema *alikula* lakini *akala*. *Alikuja* lakini *akaja*. "Akakula" na "akakuja" tunazisikia kila siku kwenye matatu, lakini tusiziandike. Pili, -ka- haina kikanushi chake. Ukitaka kukanusha katikati ya safari, tumia -si-: "Mama akamwita, *asiitike*." Tatu, -ka- hupanga matukio kwa foleni. Mambo mawili yakitendeka pamoja, la pili lipe -ki-: "Akarudi *akilia*" ina maana alilia njiani, lakini "akarudi, akalia" ina maana alifika kwanza, ndipo akalia.

Je, ile "anaona"? Msimuliaji anaweza kutumia -na- ili kumleta mtoto karibu na tukio, lakini basi aitumie katika kipande kizima. Kitenzi kimoja cha -na- katikati ya -li- ni kama mtu aliyeruka foleni.

Lakini usisahihishe kupita kiasi! "Mwezi *umo* ndani ya karai" na "mwezi *umezama*" ni sawa kabisa ingawa hadithi ni ya zamani. Kidoti anapoona, hali iko mbele ya macho yake, na Kiswahili huiacha hivyo hivyo. Palipoharibika ni pale pa "alimwambia kwamba mwezi ulikuwa umezama." Hapo mtoto atadhani mwezi ulizama, kisha ukaibuka!

Urefu wa sentensi

Sentensi ile ya pili ina maneno 34. Kipimo chetu ni pumzi. Soma kwa sauti ya kawaida. Pumzi ikikatika kabla ya nukta, sentensi ni ndefu mno kwa mtoto aliye kitandani.

Mahali pa kukata ni pawili. Pa kwanza ni "amba-". Sentensi ya kwanza ina amba- tatu, na kila moja inaficha sentensi ndogo inayotaka kujitegemea. "Kifaranga ambaye alikuwa anaitwa Kidoti" ni sentensi mbili: "Palikuwa na kifaranga. Jina lake Kidoti." Pa pili ni maneno ya wahusika. Badala ya "alimwuliza ni kitu gani ambacho kilikuwa kinamfanya alie", mwache mama aseme mwenyewe: "Unalilia nini, mwanangu?" Maneno manane yamekuwa matatu, na sasa msomaji ana sauti ya kuigiza.

Na "wakati mama yake alikuwa amelala"? Hapo panahitaji -po-: "mama *alipokuwa* amelala." Ukishaweka -po-, hata neno "wakati" unaweza kuliacha.

Mwendo

Hadithi ya mchana inaweza kumalizika kwa kishindo. Ya kulalia inapaswa kushuka polepole. Kitenzi kikirudiwa, safari hurefuka bila kuongeza maelezo: "akatembea, akatembea." Mlio wa kifaranga uwekwe katikati, mtoto auitikie akiwa bado macho. Mwisho, nukta ziwe nyingi na vitenzi vichache, kwa maana kila nukta ni kituo, na sauti ya msomaji hupungua hapo.

Sasa isome tena:

"Paukwa! Pakawa!

Hapo zamani za kale palikuwa na kifaranga. Jina lake Kidoti. Aliishi na mama yake katika banda, kando ya mgomba.

Usiku mmoja, mama alipokuwa amelala, Kidoti alitoka nje. Akatembea, akatembea, mpaka kwenye karai la maji. Akachungulia. Lo! Akaona mwezi umo ndani ya karai.

'Mwezi umezama!' Akalia, 'Piyo! Piyo! Piyo!'

Mama akaamka, akatoka mbio.

'Unalilia nini, mwanangu?'

'Mama, mwezi umezama majini.'

'Hebu tazama juu.'

Kidoti akatazama juu. Mwezi ule, angani, unang'aa. Kidoti akacheka.

Wakarudi ndani polepole. Kidoti akaingia chini ya bawa la mama. Akasinzia. Akasinzia. Akalala fofofo."

Angalia: -li- imebaki mahali pachache tu. Iko mwanzoni, na tena pale "Usiku mmoja" inapofungua mlango mpya. Kumbuka hilo: tukio likihamia siku nyingine, rudi kwenye -li-, kisha uendelee na -ka-. Sentensi ndefu kuliko zote sasa ina maneno tisa.

Zoezi

Sahihisha, kisha umsomee mtu aliye mdogo kuliko wewe:

1. Sungura alikuja na alikula karoti na anaenda zake.
2. Fisi alimwita sungura na sungura hakuitika na alikimbia.

Majibu: (1) Sungura alikuja, akala karoti, akaenda zake. (2) Fisi alimwita sungura. Sungura asiitike, akakimbia.

Ukipata mtoto akisinzia kabla ya mwisho, usikasirike. Hiyo ndiyo alama ya juu kabisa.