Barua pepe kwa fundi wa sola: ulizia betri kabla ya bei

SWALI: Nasimamia zahanati hapa Murongo, wilayani Kyerwa. Nataka kuomba bei ya sola kwa barua pepe. Niandike nini ili dhamana ya betri isiwe ya karatasi tu?

JIBU: Anza na matumizi, si idadi ya paneli. Tuseme taa 10 za wati 9 zinawaka saa 6: hizo ni watisaa 540. Hadubini ya wati 30 kwa saa 6 ni 180. Kompyuta ya wati 60 kwa saa 8 ni 480. Jumla ni 1,200 kwa siku. Ukitaka akiba ya siku 2 za mawingu, na betri ya lithiamu isishuke chini ya asilimia 20, unahitaji watisaa 3,000. Friji ya chanjo iwe na mfumo wake pekee.

Ukishaorodhesha hayo, endelea hivi:

“Naomba profoma yenye bei ya kila kifaa, usafiri na ufungaji. Betri ina dhamana ya miaka mingapi, na uwezo wake ukishuka hadi asilimia ngapi mnaibadilisha? Nani atagharamia usafiri wake kutoka Murongo? Mtakuja kuukagua mfumo mara ngapi kwa mwaka, na ukizima mtafika baada ya muda gani?”

Akijibu “dhamana miaka 5” bila kutaja asilimia, mrudishie swali. Betri iliyobakiwa na nusu ya uwezo bado huwasha taa siku za jua, ikazima siku ya pili ya mawingu, naye atakwambia ni nzima.